Mama Hasemi Kila Kitu

Kijana aliyeketi mbele yangu alikuwa na insha safi kabisa, na hakuwa na neno la kusema juu yake. Nilimwomba anieleze aya ya tatu inazungumzia nini. Akaisoma kimya, akainua macho, akasema, "Mama, hii aya inasema… inasema mambo ya afya." Nikamuuliza kwa nini imekaa kabla ya aya ya nne. Akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyekamatwa, akafunga kompyuta nusu.

Ninafanya kazi katika kituo cha uandishi cha chuo kimoja cha miaka miwili huku Iowa, katikati ya Marekani. Wengi nyumbani hawajui kazi hii ni ipi, hata dada yangu Tanga bado anawaambia watu kwamba nasahihisha mitihani. Sisahihishi mitihani na sitoi alama. Mwanafunzi analeta kazi yake, tunakaa dakika arobaini na tano, tunaizungumza. Kalamu inabaki mkononi mwake. Mwaka 1984 mwalimu mmoja wa huku, Stephen North, aliandika makala ambayo sisi wa vituo hivi tunairudia mpaka leo, na kiini chake ni kwamba kazi yetu ni kumtengeneza mwandishi, si kuitengeneza insha. Zamani niliona ni msemo mzuri tu wa kubandika ukutani. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 ndio umekuwa kazi yenyewe, kwa sababu insha iliyotengenezwa sasa inapatikana bure kwa dakika moja.

Kijana wangu huyu (jina lake silitaji, ila ameniruhusu kuyasimulia haya) ni Mkongo aliyezaliwa Nyarugusu, ile kambi ya Kasulu, Kigoma. Kambini alisoma kwa Kifaransa, akacheza kwa Kiswahili, na Kiingereza alikikuta huku akiwa na miaka kumi na moja. Usiku anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Mwalimu wake alikuwa ameirudisha insha, akamwambia aiandike upya mwenyewe na aje kwetu. Kazi yenyewe ilikuwa maneno elfu moja: chagua tatizo unalolijua katika jamii yako, lieleze, pendekeza la kufanya.

Wazazi wengi huniuliza kuhusu zile programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Mimi sizitumii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2023 walizijaribu kadhaa, na kwa wastani zilizihesabu zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza kuwa ni za mashine, ilhali waliziandika wenyewe. Mtoto wako mwenye Kiingereza cha sentensi fupi na maneno ya kawaida ndiye wa kwanza kushukiwa. Tena, mimi si polisi. Nikianza kwa kumchunguza mtu, hatanionyesha kinachomsumbua, na hicho ndicho ninachokihitaji.

Kwa hiyo sikumuuliza kama alitumia mashine. Nilimuuliza, "Ulikwama wapi, baba?"

Alisema hakukwama popote, aliingiza tu swali na insha ikaja. Nikamwomba anionyeshe hilo swali. Hapo aliona aibu kuliko alivyoionea insha yenyewe, maana insha ilikuwa na Kiingereza safi, na swali lilikuwa na Kiingereza chake. Alilitafuta kwenye simu, akanigeuzia kioo. Kwa Kiswahili lingekuwa hivi: niandikie insha ya maneno elfu moja, wakimbizi hospitalini, watoto wanatafsiri, si vizuri, mama hasemi kila kitu.

Nililisoma mara mbili. Kisha nikaisoma tena ile insha ndefu kutoka juu hadi chini, nikitafutatafuta. Ilikuwa na vizuizi vya lugha, tofauti za utamaduni na umuhimu wa ushirikiano baina ya wadau. Mama hakuwemo. Yale maneno ya mwisho, mama hasemi kila kitu, mashine iliyaacha mlangoni.

Tangu siku hiyo, kila mwanafunzi wa namna hii namwomba kwanza alichoandika yeye, yaani lile ombi aliloliandikia mashine. Mara nyingi ndiyo rasimu yake ya kwanza bila mwenyewe kujua. Humo utakuta anachokijua, anachokiogopa, na mahali mkono ulipomlegea. Kijana huyu hakukosa hoja. Alikuwa na hoja ambayo wenzake darasani wasingeipata hata wangekaa mwezi mzima. Alichokosa ni njia ya kutoka kwenye maneno yake machache hadi aya moja, na kwa kuwa hakuwahi kuitembea njia hiyo, alidhani haipo, kwamba waandishi huanza moja kwa moja na sentensi zilizonyooka.

Nikamwambia afunge kompyuta. Nikachukua karatasi, nikamwambia, "Nisimulie. Kwa Kiswahili. Mama hakusema nini?"

Alinisimulia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, ametolewa shule saa nne asubuhi kwenda kukalimani kwa ajili ya mama yake kliniki. Mama alisema mguu umekufa ganzi. Neno ganzi kwa Kiingereza hakulijua, akamwambia muuguzi kwamba mguu wa mama umekufa. Muuguzi akainama haraka kuushika kutafuta mapigo ya damu. Tulicheka sote. Kisha akaacha kucheka. Daktari aliuliza kuhusu hedhi, na mama akamtazama mwanawe, akajibu kwamba yote ni sawa. Haikuwa sawa. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla mama hajamweleza jirani mwanamke, na jirani ndiye aliyempeleka tena hospitali.

Nilikuwa nikiandika anavyosema, neno kwa neno, bila kupamba. Ukurasa mmoja na robo. Nilipomkabidhi karatasi aliisoma pole pole, akaniuliza, "Sasa hii niliandika mimi au uliandika wewe?" Nikamwambia mkono ni wangu, maneno ni yake, na wiki ijayo mkono nao utakuwa wake.

Ni hatari kidogo, hii ya kumwandikia mtu. Ukiifanya kila siku unakuwa wewe ndiye mashine, tena ya polepole. Mimi huifanya mara moja, kikao cha kwanza tu, ili mtu aone kwa macho yake kwamba anachosema kinaweza kukaa kwenye karatasi.

Wiki ya pili nilimpa kalamu na dakika kumi. Masharti yalikuwa matatu. Asisimame, asifute, na neno la Kiingereza likimkosa aandike la Kiswahili au la Kifaransa, alizungushie duara aendelee. Dakika tatu za mwanzo aliandika sentensi mbili. Alikuwa akiangalia kioo cha simu iliyozimwa kama mtu anayetazama mlango. Hilo nimeliona kwa wengi: kinachowarudisha kwenye mashine hasa ni kutoweza kuvumilia zile dakika za mwanzo ambazo sentensi ni mbovu na hakuna anayekuokoa. Hakuna ujanja hapo isipokuwa kuzipitia mara kadhaa, na mtu mwingine akiwa chumbani. Mimi hukaa pale pale nikiandika yangu, sizungumzi, simtazami.

Dakika kumi zilipoisha alikuwa na maneno kama mia na thelathini, duara tisa. Ndani ya duara moja aliandika aibu. Jingine lilikuwa na ganzi, lile lile.

Hapa ndipo wasaidizi wengi hukosea, na mimi nilikosea miaka yangu ya mwanzo. Karatasi ile ilikuwa imejaa makosa ya sarufi, na mkono uliniwasha kuyasahihisha. Lakini nikianza na makosa, ninamfundisha kwamba kuandika ni kutokuwa na makosa, na kwa kutokuwa na makosa mashine itamshinda leo na kesho. Atairudia, na atakuwa na haki. Kwa hiyo siku ile sikugusa kosa hata moja. Nilimwomba tu apige mstari chini ya sentensi moja ambayo mtu mwingine yeyote darasani asingeweza kuiandika. Alifikiri, akapiga mstari chini ya ile inayosema, kwa Kiingereza kibovu, kwamba mama alimtazama yeye kwanza ndipo akamjibu daktari.

Tuliendelea hivyo kikao cha tatu, akiwa na kurasa mbili alizoandika nyumbani kati ya zamu. Tukazilaza mezani rasimu zote mbili, yake na ile ya mashine, na pembeni ya kila aya nikamtaka aandike mambo mawili: aya hii inasema nini, na inafanya kazi gani hapa. Kwenye ile ya mashine, aya saba, aliandika "inasema lugha ni tatizo" mara nne. Nikamwambia abadilishe aya ya tatu na ya tano mahali. Akabadilisha, akasoma, akasema hakuna kilichovunjika. Kwenye yake alipojaribu kuweka ile ya daktari kabla ya ile ya ganzi, alikataa mwenyewe. "Hapana, Mama. Kwanza watu wacheke. Wakishacheka ndio niwaambie ya pili." Sikuwa nimemfundisha hilo. Wala sidhani lilitoka kitabuni. Ndivyo watu wazima wanavyosimulia wakikaa barazani jioni.

Kazi hiyo ya pembeni ndiyo iliyomwonyesha pia kwamba hoja yake ilikuwa imehama. Alianza akitaka kusema kwamba watoto hawafai kukalimani kwa kuwa hawajui maneno ya kitabibu. Ni kweli, lakini dawa yake ni kamusi. Kurasa zake mwenyewe zilikuwa zikisema jambo jingine: hata mtoto anayejua maneno yote, mzazi atanyamaza mbele yake. Nilimwacha aligundue kwa kumuuliza swali moja tu, ganzi na hedhi, kipi kilimgharimu mama zaidi. Alikaa kimya muda mrefu kidogo, kisha akafuta sentensi yake ya kwanza, kwa kalamu, kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika.

Baada ya hapo alihitaji kitu cha kuegemea, nikamtuma maktaba. Alirudi na Kifungu cha 1557 cha ile sheria ya afya ya 2010, ambayo kanuni zake zinaizuia hospitali inayopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto mdogo kuwa mkalimani, isipokuwa pale penye dharura na hakuna mkalimani mwenye sifa kwa wakati ule. Alikuwa amekasirika. Kumbe siku ile walikuwa na haki ya kupewa mkalimani bila kulipa, wala hawakuijua. Hasira ile ilimwandikia aya nzima, na ilikuwa aya nzuri.

Kisha kikao cha nne akaja na insha iliyonyooka kama shuka lililopigwa pasi.

Nilijua kabla hajaketi, maana alinipa karatasi bila kuiangalia. Hakukuwa na duara, hakukuwa na kufuta. Sikutaka kumtega, nikamuuliza nini kilitokea. Alisema alitoka zamu saa kumi na moja alfajiri, kazi ilikuwa inatakiwa siku ile ile, akaipa mashine rasimu yake na kuiambia irekebishe Kiingereza tu. "Si nimeandika mimi kwanza, Mama?" Na ni kweli aliandika. Swali lake si la kijinga, na mwalimu mmoja anaweza kulijibu tofauti na mwingine. Wa kwake alikuwa ameruhusu kamusi na kusahihisha tahajia, akakataza sentensi za mashine.

Sikumsomea sheria. Nilimwomba atoe rasimu ya mkono, tukaziweka sambamba na kalamu mbili. Ya kijani azungushie kilichobaki, nyekundu alichokikuta hakipo. Pale alipokuwa ameandika kwamba mama alimtazama yeye kwanza ndipo akamjibu daktari, sasa palisomeka kwamba mama alikumbana na changamoto kubwa za mawasiliano. Ganzi ilikuwa imegeuka dalili. Mguu haukufa tena. Jirani hakuwemo kabisa, badala yake palikuwa na mitandao ya msaada wa kijamii. Karatasi ilijaa wekundu.

Alinyamaza. Halafu akasema, "Imemfuta mama."

Kwa maoni yangu hiki ndicho kikao kilichomfaa kuliko vyote, na kama angekuja na rasimu yake ya mkono tusingekipata. Kurudi nyuma kwa mwanafunzi kama huyu ni jambo la kutegemea, tena karibu kila mara hutokea usiku, amechoka, siku ya mwisho. Nimejifunza kuuliza ratiba ya zamu mapema kuliko ninavyouliza hoja kuu. Siku ile dakika kumi za mwisho tulizitumia kwa barua pepe kwa mwalimu, sentensi tatu alizoandika mwenyewe, kwamba anaomba siku nne na kwa nini. Mwalimu akampa. Wasingempa, sina hakika ningemwambia nini. Njia hii inakula muda, na kwa mtu mwenye zamu na familia muda ndio usiopatikana. Nimekuwa na wanafunzi waliokuja mara moja, wakaona ni mzunguko mrefu, hawakurudi.

Palikuwa na jambo jingine ambalo halikuwa la uandishi. Nilimuuliza kama mama anajua kwamba anaandikwa. Hakuwa amemwambia. Habari ya hedhi ya mama, kuandikwa na mwanawe wa kiume, isomwe na mwalimu mzungu, sisi tunajua uzito wake. Nilimwambia anaweza kusema "ugonjwa wa kike" na hoja isipungue, au anaweza kuuliza. Aliuliza. Alinieleza kwamba mama alikuwa akikaanga sambaza jikoni, hakugeuka, akakaa kimya mpaka akafikiri hakumsikia. Kisha mama akamwambia, "Andika. Lakini useme nilikuwa na aibu. Usiseme nilikuwa mjinga."

Sentensi hiyo aliiweka mwishoni mwa insha, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza chake. Tulibishana kidogo kuhusu neno la Kiingereza la aibu, kwa sababu ana mawili ya kuchagua, moja la mtu aliyefanya ubaya na jingine la mtu anayejisitiri. Alichagua la pili. Hakuuliza simu.

Kikao cha tano ndipo tulipofika kwenye makosa, hatimaye. Alisoma kwa sauti, mimi nikisikiliza. Anayesoma kwa sauti hukamata mwenyewe karibu nusu ya makosa yake, ulimi unajikwaa pale jicho lilipoteleza. Yaliyobaki sikuyachukua yote. Nilichagua mawili yanayojirudia: wakati uliopita, ambao alikuwa akiuacha katikati ya hadithi, na vile vineno vidogo vya Kiingereza vinavyotangulia nomino, ambavyo Kiswahili hakina na ndiyo maana wengi wetu tunavisahau hata baada ya miaka ishirini. Mimi mwenyewe bado. Nilimwonyesha kosa moja la kila aina, mengine akayatafuta. Vineno viwili vitatu vilimponyoka, nikaviacha.

Insha ilipata alama ya kati na kati. Mwalimu aliandika kwamba mpangilio wa sehemu ya mapendekezo ni dhaifu, na ni kweli ulikuwa dhaifu, tuliuharakisha. Kijana alikasirika. Alisema ile ya mashine ingepata zaidi, nami sikumkatalia, pengine ingepata. Nilifurahi kwa hasira hiyo, maana ile ya kwanza iliporudishwa hakukasirika hata kidogo. Haikuwa kitu chake.

Wiki tatu baadaye alikuja na kazi mpya, kuhusu usalama wa wafanyakazi kwenye mstari wa kukata nyama. Hakuwa na kompyuta. Alitoa mfukoni kipande cha katoni cha kiwandani, kimekunjwa mara nne, ameandika upande wa nyuma wakati wa mapumziko. Nusu Kiingereza, nusu Kiswahili, mafuta pembeni. Nilihesabu duara kumi na mbili.

"Mama," akasema, "hili la kumi na mbili hata kwa Kiswahili silijui. Kile kisu cha duara kinachozunguka, nyumbani tungekiita nini?"

Nami sikujua. Tukakaa tukilitafuta.